MREJESHO: Likizo imeisha nimekwama Makete

"Jumatatu natakiwa kazini Mbeya, nimekwama Makete kwa tope, bosi nimwandikieje?"

Wakuu asanteni sana. Nilifuata ule ushauri wa kuomba kabla likizo haijaisha na kutaja siku kabisa, Jumamosi nikamtumia:

"Shikamoo bosi. Nimekwama Makete, barabara haipitiki, picha hiyo. Naomba siku 3 zitoke kwenye likizo yangu iliyobaki, Jumatatu mpaka Jumatano, nitaripoti Alhamisi."

Kimya, Jumapili nikapiga akakubali, nikamwomba aniandikie "sawa" kwenye meseji na hiyo ndo iliniokoa pale rasilimali watu walipotaka ushahidi. Fomu nilijaza niliporudi.

Ila gari lilikwama tena, nimefika Alhamisi jioni, na sikuomba siku ya nne, hiyo wameikata kwenye mshahara. Ningetuma nyingine Jumatano.