Mrejesho: hasara ya Mei ilikuwa kwenye stoku

Niliuliza: "Mauzo ya duka letu la vifaa Mbarara yamepanda kutoka shilingi milioni 40 hadi 46, mbona taarifa ya Mei inaonyesha hasara ya milioni 1?"

Asanteni sana, ndugu zangu. Mlisema nianzie faida ghafi, na jibu lilikuwa pale pale. Aprili ilikuwa asilimia 30 ya mauzo. Mei ikashuka hadi 17, ilhali bei hazikubadilika, za kununulia wala za kuuzia. Mporomoko wa namna hiyo lazima utiliwe shaka.

Gharama ya bidhaa zilizouzwa ni stoku ya mwanzo, jumlisha manunuzi, toa stoku ya mwisho. Mwanzo milioni 9, manunuzi 38, na mwisho mhasibu alirudia ile ile 9, kwa kuwa stoku haikuhesabiwa. Gharama ikawa 38.

Tulipohesabu, mabati na saruji vilivyobaki stoo, kwa bei ya kununulia, vilikuwa vya milioni 14.8. Gharama halisi ni 32.2, faida ghafi 13.8, yaani asilimia 30 tena. Ukitoa pango, mishahara na umeme, milioni 9, inabaki faida ya 4.8.

Stoku ya mwanzo ya Juni nayo imerekebishwa. Ingebaki 9, Juni ingeonyesha faida ya uongo.