Wawezeshaji, slaidi ya vifupisho mnayoipitisha mbio mbio inamsaidia nani?

Muuguzi_wa_Zahanati:

Wakuu, nimetoka kwenye mafunzo nimefura, acheni niseme.

Tuliitwa wauguzi na makarani wa takwimu wa zahanati na vituo vya afya. Mada: huduma za VVU, jinsi ya kuwafuatilia wateja walioacha dawa na wale ambao virusi vyao havijafubaa. Mwezeshaji akafungua na slaidi moja ya vifupisho, safu tatu, herufi kama punje za mtama. Akasema, "Hivi ndivyo vifupisho vyetu, tupo pamoja?" Kabla aliyekaa mstari wa pili hajamaliza kusoma cha kwanza, tukawa tumeshafika malengo ya mradi. Slaidi ile haikuonekana tena mpaka tunaondoka. Kitini hakuna.

Niliwahi kuipiga picha. Nilipoikuza usiku ndipo hasira zikapanda kabisa. Aliyeiandaa alichofanya ni kufungua herufi kwa Kiingereza, basi. IIT, yaani mteja kukatiza matibabu, kaiandika maneno matatu, yameisha. Siku ngapi? Zinahesabiwa kuanzia wapi? Hakuna. HVL imeandikwa kuwa ni kipimo cha wingi wa virusi, halafu huko mbele unakutana na "wateja wa HVL", akimaanisha wale wenye virusi vingi! CTC2 haimo kabisa, eti hiyo kila mtu anaijua. Ni kweli tunaijua, kila mtu na yake: kwetu wauguzi ni kadi inayokaa kwenye faili la mteja, kwa makarani ni programu ya kwenye kompyuta. Alipotuagiza "CTC2 zote ziwe zimejazwa kabla ya Ijumaa", ukumbi ulibaki kutazamana.

Sasa sikieni lililotokea kwenye zoezi. Mteja amechukua dawa za siku 90 tarehe 3 Machi, miadi yake ni 1 Juni. Swali: lini anahesabiwa IIT? Meza yetu tukasema baada ya tarehe 29 Juni, maana siku 28 tulizihesabu toka siku ya miadi. Meza ya jirani wakahesabu toka siku aliyochukua dawa, wakapata 31 Machi. Yaani mtu ana dawa za miezi miwili ndani, nao wanamtuma mhudumu wa jamii akamgongee mlango! Meza ya tatu, wazee wa kazi, wakang'ang'ania siku 90 kama walivyofundishwa zamani. Zoezi zima likaenda kwenye ubishi, na mwezeshaji anatuambia "mngesoma slaidi ya pili".

Nyie mnaoandaa hizi mada, mnashindwa nini kuchapa karatasi moja inayoeleweka?

Chuma_Ulete:

Pole dada. Ila hapa unakuza mambo. Kanuni ni nyepesi: kifupisho kikitajwa mara ya kwanza kifunguliwe, basi. Orodha hata haihitajiki.

Muuguzi_wa_Zahanati:

@Chuma_Ulete hiyo ni kwa kitabu, ambako naweza kurudi ukurasa wa nyuma. Slaidi anayo yeye. Kilichofunguliwa saa tatu asubuhi kinanijia saa nane mchana baada ya wali, na aliyechelewa basi hakukisikia kabisa. Halafu hata kufungua kwenyewe hakusaidii. IIT ilifunguliwa, na tukapata tarehe tatu.

Jirani_wa_Namanga:

Mbona huku mnachanganya? Nimeona mahali kwenye hizo picha za mafunzo EAC ina "vikao vitatu". Jumuiya ya Afrika Mashariki ina vikao vitatu vya nini? Mimi nafanya biashara mpakani, nilidhani kuna utaratibu mpya.

Muuguzi_wa_Zahanati:

@Jirani_wa_Namanga 😂 hapana kaka, hiyo ni ushauri wa ufuasi wa dawa kwa mteja ambaye virusi havijafubaa. Anakaa vikao, kisha anapimwa tena. Lakini umenipa ushahidi.

Karani_Mkongwe:

Mleta mada ana haki ya kukasirika. Nimeandaa vitini vya namna hii kwa muda mrefu, naomba nieleze kazi yenyewe inavyofanyika, maana watu wanadhani ni kunakili orodha ya mradi uliopita. Ndivyo inavyofanywa, na ndiyo sababu unakuta vifupisho ambavyo havipo popote kwenye mada, na vilivyomo havipo kwenye orodha.

Anza na mada yenyewe. Ihifadhi kama PDF, kisha toa kila neno la herufi kubwa na idadi ya mara linavyotokea:

```
pdftotext mada.pdf - | grep -oE '\b[A-Z][A-Z0-9_]+\b' | sort | uniq -c | sort -rn
```

Itakuletea na takataka, mfano vichwa vya habari vilivyoandikwa kwa herufi kubwa. Futa. Na itaacha vitu vitatu ambavyo lazima uvitafute kwa macho: maandishi yaliyo ndani ya picha na chati, namba zinazosimama kama istilahi, mfano malengo ya VVU ya 95-95-95, na maneno ya kawaida yaliyopewa maana ya kitaalamu. Hayo ya mwisho ndiyo hatari zaidi. "Amefubaza" linaonekana neno la kila siku, kumbe lina kipimo nyuma yake. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya nakala 1,000 kwa mililita ni kutofubaa. Mtu asipoambiwa, atakisia.

Halafu punguza. Kifupisho kilichotokea mara moja hakistahili kuwa kwenye orodha. Nenda kwenye slaidi ile, andika kitu kwa jina lake kamili, kifupisho ufute. Kwa njia hiyo nusu ya orodha inaondoka yenyewe. Kinachobaki, jiulize: wasikilizaji wawili wanaweza kukielewa tofauti? Kina namba au tarehe ndani yake? Hivyo ndivyo vya kupewa nafasi.

Maelezo yenyewe yaandikwe ili mtu aweze kutenda. Kwa mfano wako:

"IIT – mteja ambaye zimepita zaidi ya siku 28 tangu tarehe ya miadi na hajaja kliniki wala kuchukua dawa. Hesabu huanza siku ya miadi, si siku aliyochukua dawa. Mfano: miadi 1 Juni, anaingia kuanzia 30 Juni."

Sentensi mbili na mfano. Wale wa 31 Machi wangejisahihisha wenyewe kabla ya kunyoosha mkono. Kwa CTC2 andika mistari miwili tofauti, "kadi ya CTC2" na "programu ya CTC2", kisha, hapa ndipo watu wanapotegea, rudi kwenye slaidi zote uandike hivyo hivyo. Orodha ikitofautisha na slaidi zikaendelea kusema CTC2 kavu, umepoteza karatasi. HVL ni hivyo hivyo: chagua maana moja, na hao wengine waite "wenye virusi juu ya 1,000".

Chini ya karatasi weka mwaka wa mwongozo uliotumia. Wale wazee wa siku 90 si wabishi. Walifundishwa hivyo kweli, na hakuna aliyewaonyesha kuwa hesabu imebadilika. Mstari mmoja wa "zamani tulihesabu 90" unawatoa kwenye ubishi bila kuwaaibisha.

Mwezeshaji_Mchovu:

Ngoja na sisi tujitetee. Slaidi zinakuja usiku wa kuamkia mafunzo, zimeshapitishwa na mfadhili, tunaambiwa tusiguse kitu. Hela ya fotokopi haimo kwenye bajeti, au imo lakini steshenari ya karibu umeme umekatika. Hiyo slaidi ya vifupisho tunaikuta humo humo. Ningefanyaje?

Karani_Mkongwe:

@Mwezeshaji_Mchovu slaidi usiziguse, karatasi ni yako. A4 upande mmoja, herufi ukubwa wa 12 kwenda juu, iwe kwenye viti kabla watu hawajakaa. Ukigawa mwishoni wataondoka nayo kama risiti. Kama hela hakuna kabisa, andika vile vichache vya hatari kwenye karatasi ya chati, ubandike ukutani pembeni ya projekta, ikae hapo siku nzima. Kinachomsaidia msikilizaji ni kuiona maana wakati ule ule neno linapotajwa.

Mwezeshaji_Mchovu:

Ya ukutani nimeikubali. Ila nina wasiwasi na kuandika maana kwa maneno yangu. Nikikosea namba, mfadhili ananiuliza nimeitoa wapi.

Karani_Mkongwe:

Nakili toka kwenye mwongozo, usibuni. Halafu ijaribu: mpe muuguzi mmoja mgeni karatasi peke yake, bila mada, na wateja watatu wa mfano wenye tarehe. Akikosa hata mmoja, mstari ule uandike upya.

Binti_wa_Tasnifu:

Samahani wakuu, mimi naandika tasnifu. Orodha ya vifupisho inakaa kabla au baada ya yaliyomo? Msimamizi wangu ananizungusha.

Chuma_Ulete:

@Binti_wa_Tasnifu fungua uzi wako, hapa ni vita 😂. Lakini mkuu Karani, hiyo orodha ipangwe kwa alfabeti au kwa mtiririko wa mada? Mimi naona mtiririko, mtu anashuka nayo.

Karani_Mkongwe:

Nimetumia zote mbili. Alfabeti inampata haraka anayetafuta neno moja. Mtiririko unampa picha, mfano anaona miadi, kisha IIT, kisha kurudishwa kwenye dawa. Kwa vifupisho kumi siyo tatizo, jicho linavipata popote. Vikizidi hapo naenda na alfabeti, ingawa wenzangu wengi hawakubali.

Mswahili_Halisi:

Tatizo ni hivi vifupisho vya kigeni. Mbona VVU tumeizoea, MTUHA tumeizoea? Wavibadilishe vyote viwe vya Kiswahili, tumalize.

Muuguzi_wa_Zahanati:

@Mswahili_Halisi ningependa, lakini kesho nikifungua kompyuta ripoti imeandikwa TX_CURR kwa wateja walio kwenye dawa sasa, mwezeshaji kaniundia kifupisho kingine, navihusishaje? Kifupisho kibaki kama kinavyosomeka kwenye ripoti, maelezo yawe ya Kiswahili.

Mswahili_Halisi:

Basi tutabaki hivyo hivyo milele.

Muuguzi_wa_Zahanati:

Hilo sina jibu lake. Mimi nina kikao cha marudio na mwezeshaji yule yule wiki ijayo. @Karani_Mkongwe naomba hiyo karatasi yako ya mfano niichape mwenyewe, nitaiweka kwenye viti kabla hajafika. Akiuliza imetoka wapi nitamwambia slaidi ya pili.