Ramani ndogo inanilia fremu: kamera ya pili bila gharama maradufu?

Mchambawima_88: Asalaam alaykum wanajamvi. Natengeneza gemu kwa Unity (URP): kijana wa bodaboda anapeleka mizigo kutoka Darajani hadi Malindi kupitia vichochoro vya Mji Mkongwe. Kwa ajili ya ramani ya pembeni nimeweka kamera ya pili juu, inatazama chini na kuchora kwenye RenderTexture ya 1024 kwa 1024. Kwenye simu yangu fremu ilikuwa milisekunde 15. Nikiiwasha ramani inafika 27. Nifanyeje?

MlaUrojo: 1024 kwa kiramani cha ukubwa wa kidole gumba? Weka 256, umemaliza.

Mchambawima_88: Nimeweka. Sasa 26, na ramani imekuwa ukungu.

FundiWaWete: Hata mie dukani nikiwasha kamera ya pili skrini inaganda. Ni mashine ya kurekodia au waya?

MlaUrojo: Shehe, hizi kamera za ndani ya gemu 😂

BiKiembesamaki: MlaUrojo amepunguza kazi ya kupaka rangi, lakini hapo sipo panapokuuma. Tekscha iwe kubwa au ndogo, kwa kila kamera prosesa inapitia vitu upya, inachagua vya kuonekana, inatoa amri za kuchora, na vivuli vinachorwa tena. Tena ya kwako iko juu ya mji. Ya barabarani inafichiwa mengi na kuta, kama umeshaoka Occlusion Culling. Hii inaona mapaa yote hadi ndoo za uani.

Weka barabara na mapaa bapa kwenye layer yao, kisha Culling Mask ya kamera hiyo ibakishe layer hiyo tu. Ondoa tiki ya Render Shadows. Halafu upime.

MlaUrojo: Au aiwashe kila fremu ya sita tu:

```csharp
void LateUpdate() {
    kamera.enabled = Time.frameCount % 6 == 0;
}
```

BiKiembesamaki: Akianza na hilo, fremu tano zitakuwa nyepesi na ya sita bado 26. Wastani utapendeza, mchezaji atahisi kigugumizi. Kwanza fremu yenyewe iwe nyepesi.

Mchambawima_88: Dada, 17! Vivuli pekee vilikuwa vinakula karibu 5.

BiKiembesamaki: Sasa jiulize: nyumba za Mji Mkongwe zinahama? Ichore ramani mara moja gemu likianza, uzime kamera. Kinachosogea ni alama ya bodaboda tu, nayo ni picha ya UI. Ramani ikiwa na upana wa mita 200, bodaboda aliye mita 50 kutoka ukingo wa kushoto, alama yake inakaa kwenye robo ya picha.

Mchambawima_88: Na skrini ya mlinzi bandarini? Ile lazima iwe hai. Kamera yake nimeiwasha kwa `skrini.isVisible`, mbona haizimi hata nikiwa Forodhani?

BiKiembesamaki: Unajaribia ndani ya Unity? Dirisha la Scene nalo linahesabiwa kama kamera. Lifunge ujaribu tena. Ikiendelea, angalia kama kamera ya mlinzi haijioneshi skrini yake yenyewe.

Mchambawima_88: Nimelifunga, inazima. Kwenye simu bado inawaka. Ngoja niizungushe ile kamera.