Picha ya lebo: hii ni sosi ya soya au nini?

Mama Salma, Guangzhou
Assalam aleikum ndugu zangu. Nilimtuma binti supamaketi akaniletee sosi ya soya, kaja na chupa hii, picha mbele na nyuma nimeambatisha. Rangi inaelekea, harufu inanitia shaka. Kamusi ya simu inasema herufi mbili za juu, 海天, ni "bahari" na "mbingu". Nyama imeshakatwa, nijibuni upesi.

Bakari, Yiwu
Waaleikum salaam. Dada, usitie, hiyo ni pombe. Herufi kubwa za katikati ni 料酒. Tazama upande wa kulia wa 酒, kile kidude 酉. Hapa sokoni nilifundishwa: ukikiona 酉 popote, rudisha rafuni. Na hiyo bahari na mbingu achana nayo. Majina ya kampuni hayana maana, yanasomwa sauti tu.

Mzee Omari, Guangzhou
Bakari, jibu umepata, kanuni umekosa. 酉 asili yake ni mtungi wa kuchachushia. Kwa hiyo imo kwenye pombe 酒, imo kwenye siki 醋, na imo kwenye soya yenyewe, 酱油, chini ya herufi ya kwanza. Kwa kanuni yako Mama Salma hatanunua soya maisha yake yote.

Herufi nyingi zimeundwa hivyo: sehemu moja inadokeza kitu ni cha jamii gani, nyingine inadokeza sauti. Chukua 油. Vitone vitatu vya kushoto ni vya maji, yaani ni kitu cha majimaji. Kulia kuna 由, inayosomwa *you*, na herufi nzima inasomwa *you* vilevile. Lakini usiiamini sana hiyo hila. Kulia kwa 醋 kuna 昔, ambayo siku hizi ni *xi*, wakati siki yenyewe ni *cu*. Matamshi yamehama, maandishi yamebaki.

Mama Salma, mimi sikuitegemea sura ya herufi, nilikwenda picha ya nyuma. Tafuta 配料, yaani viambato. Hapo nasoma 水, 黄酒, 食用盐: maji, mvinyo wa nafaka, chumvi. Chini yake kuna 酒精度, kiwango cha kilevi, na imeandikwa 10%vol. Hiyo ni pombe ya kupikia, Wachina wanakatia shombo ya samaki na nyama. Siku nyingine mwandikie binti 生抽, soya nyepesi ya kukolezea, au 老抽, ile nzito ya kutia rangi. Hayo ndiyo yanayoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya chupa. 酱油 mara nyingi utaikuta kwa herufi ndogo pembeni.

Sasa majina. 海 kweli ni bahari na 天 ni mbingu, lakini hapo ni Haitian, kampuni ya Foshan, jirani zetu hapa. Inasomwa kama jina, kama vile mtu anayeitwa Bahati hatumtafsiri. Shida inakuja kwa majina ya kigeni. Kichina hakina alfabeti. Kila herufi ni silabi moja, na inakuja na maana yake, utake usitake. Kokakola wakaandika 可口可乐, *kekou kele*: sauti inakaribia, na juu yake inasema kitu kitamu mdomoni chenye furaha. Nestlé wakaacha sauti wakachukua maana: 雀巢, *quechao*, kiota cha ndege, kama nembo yao. Kwa hiyo Bakari, si kila jina ni sauti tu.

Zuhura, Toronto
Na mimi mnisaidie hapohapo. Chupa yangu imeandikwa Lee Kum Kee, lakini Mchina wa ofisini anaisoma "Li Jin Ji". Nimeuziwa feki?

Mzee Omari, Guangzhou
Hapana mwanangu. 李锦记 ni herufi zilezile. Kwa Kikantoni ni Lee Kum Kee, kwa Kimandarini ni Li Jin Ji. Kampuni ilianza Guangdong mwaka 1888, na 李 ni ukoo wa mwanzilishi. Ndiyo maana hata 麦当劳, mgahawa wa McDonald's, ukiisoma *Maidanglao* unaona iko mbali. Isome kwa Kikantoni, *mak-dong-lou*, inajongea.

Bakari, Yiwu
Sawa mzee, nimekubali mtungi. Lakini soya nayo si inachachuka? Kwenye mtungi kilevi hakikosi, hata kidogo. Na chupa nyingine nimekuta 酒精 humohumo kwenye viambato. Mbona hiyo tunakula?

Mzee Omari, Guangzhou
Mimi nasoma lebo, hukumu kamuulize shehe. Ukitaka kujitoa kwenye shaka, tafuta chupa yenye 清真, hiyo ndiyo halali yao.

Mama Salma, Guangzhou
Allah awalipe. Nyama nimeitia ndimu na tangawizi. Chupa nilitaka nimpe jirani Mchina wa ghorofa ya chini, ila sasa Bakari umenitia wasiwasi mwingine: kumpa mtu pombe nako si kuna hukumu yake?