Mrejesho: uniti za LUKU, Tanga

Niliuliza: "Pasi ndiyo inamaliza umeme wangu?"

Wadau, ahsanteni sana. Nilifuata ushauri wa kupanga vifaa kwa uniti za mwezi, siyo kwa wati. Pasi ya wati 1,000, nusu saa kwa siku 12, ni uniti 6 tu. Tulipoenda Pangani siku 2 niliacha friji pekee ikiwaka. LUKU ikashuka uniti 6, yaani 90 kwa mwezi!

Karatasi niliyobana kwenye mlango wa friji ilichomoka kirahisi, yaani mpira wa mlango haubani vizuri, nikaubadilisha. Sasa friji inakula uniti 2 kwa siku, mwezi 60. Kuisogeza mbali na ukuta hakukuleta tofauti niliyoiona kwenye mita. Bado inaongoza orodha.