Nimelipa nusu, mzigo uko tayari Uingereza, halafu naambiwa leseni ya kuutoa ni juu yangu!

MamaSakina (mwenye uzi)

Wakuu, nina hasira hadi mikono inatetemeka, mnivumilie uandishi.

Niko Arusha, kazi yangu ni kuagizia vifaa kambi za watalii: mahema, redio za upepo, taa za sola. Mwezi wa pili kambi moja ya upande wa Manyara ilinipa oda ya kamera 6 za joto, zile zinazomwonyesha mtu au mnyama gizani kwa joto la mwili wake. Askari wao wa doria wanazitaka za usiku. Nikapata muuzaji Uingereza, tukakubaliana pauni 2,400 kila moja, jumla 14,400. Nikatuma nusu, 7,200, na benki ikapitisha bila maswali. Wiki ya tatu akaandika: mzigo tayari, njoo uchukue.

Nikampa kazi wakala wa usafirishaji wa huko huko. Alipoona karatasi akasema hagusi, kamera za aina hii hazitoki nchini bila leseni ya serikali yao. Nikamrudia muuzaji. Jibu lake ni mistari miwili tu: bei yetu ni EXW, leseni ya kutoa mzigo ni ya mnunuzi.

Mimi niliyekaa Sakina nikaombe leseni Uingereza kwa nani? Na bado ananihesabia pauni 25 kila wiki za stoo, anadai nusu iliyobaki, na anasema anaweza "kunisaidia" leseni kwa pauni 450. Mkataba tumesaini, mzigo upo, hela ipo. Huu si wizi wa mchana?

WakiliWaKijiweni

Dada pole sana. Serikali ikizuia mzigo, mkataba umekufa wenyewe. Soma Sheria ya Mikataba, Sura 345, kifungu cha 56, kisha 65: aliyepokea hela anarudisha. Mwandikie barua kali akurudishie 7,200 ndani ya siku saba.

FundiUnga

Kwani Tanzania tumewekewa vikwazo lini? Mbona magari yanaingia kila siku.

MzeeKahawa_Moshi

Hayo ya leseni afadhali. Mimi nilikuwa na mnunuzi wa kahawa Urusi tangu zamani. Kahawa haijazuiwa na mtu. Ila 2022 benki yake ilitolewa kwenye mtandao wa SWIFT, hela ikashindwa kupita. Mzigo halali, mnunuzi yupo, na magunia yakabaki kwangu Moshi. Akatafuta benki nyingine, na yenyewe benki yangu ikaigomea. Mpaka leo sijui ningemshtaki nani. Umwambie muuzaji wako akutumie kwa benki nyingine.

MamaSakina

Mzee wangu shikamoo, hela yangu imeshafika kwake. Kilichokwama ni mzigo.

KlirinjiWaKIA

Nimepitisha mizigo KIA miaka mingi, ngoja nilitenganishe hili.

FundiUnga, hivi si vikwazo kwa Tanzania. Kinachodhibitiwa ni kifaa chenyewe, popote kinapokwenda, isipokuwa nchi chache walizozisamehe. Kamera ya joto inamfaa askari wa wanyamapori na inamfaa mwanajeshi pia, ndiyo maana iko kwenye orodha ya bidhaa za matumizi mawili, chini ya namba 6A003. Dada, tazama karatasi ya kamera yako: inapiga picha ngapi kwa sekunde?

MamaSakina

Imeandikwa 50.

KlirinjiWaKIA

Ndipo penyewe. Kamera nyingi zinazopiga picha 9 kwa sekunde au pungufu ziko nje ya udhibiti huo. Viwanda vingi vinatengeneza kamera ileile kwa matoleo mawili kwa sababu hiyo. Ukiwa umesimama unamtazama mtu anatembea, 9 inatosha. Ukiwa juu ya gari linalokwenda, picha inarukaruka, unampoteza. Iulize kambi doria yao ni ya miguu au ya gari kabla hujagombana na mtu.

Sasa wakili. Kifungu unakijua, ila umekimbia mbele ya safari. Kwanza mkataba wao huenda unafuata sheria ya Uingereza. Pili, leseni haijakataliwa na mtu, haijaombwa! Mkataba haufi kwa sababu ya fomu ambayo hakuna aliyeijaza.

Dada, kosa liko kwenye herufi tatu, EXW. Maana yake muuzaji anakuwekea mzigo mlangoni kwake, basi. Kuutoa nchini, na leseni ikiwemo, ni juu yako. Kwa mtu anayenunua na kubeba ndani ya nchi hiyohiyo, haina neno. Kwa wewe wa Arusha ni mtego, maana anayeomba leseni Uingereza anatakiwa awe na makazi au ofisi kule. Umebebeshwa kazi ambayo huruhusiwi kuifanya. Ungeandika FCA, forodha ya kutoka na leseni vingekuwa vya muuzaji.

WakiliWaKijiweni

Kwa hiyo amesaini, ameumia? Hakuna haki hapo.

KlirinjiWaKIA

Sijasema hivyo. Hata kwenye EXW muuzaji analazimika kukusaidia kupata nyaraka za kutoa mzigo ukimwomba, ila kwa gharama yako na hatari ni yako. Kwa hiyo mwombe kwa maandishi, uwe na ushahidi. Serikali ya Uingereza haitozi ada ya leseni. Hizo 450 ni za kazi yake ya kujaza, kwa hiyo mwambie azichanganue.

Na kuna kesi moja ya 1956, Pound dhidi ya Hardy, ya tapentaini kutoka Ureno. Leseni ya kuitoa ilikuwa inaweza kuombwa na msambazaji wa Ureno peke yake. Baraza la Malodi la Uingereza, mahakama yao ya juu wakati ule, likasema jukumu la leseni liko upande wa muuzaji. Haikuwa EXW, hivyo usiitegemee kama ngao, lakini hoja inafanana: huwezi kumbebesha mtu asiye na mlango wa kugonga. Hilo la stoo nalo sina jibu safi. Kwa EXW mzigo ukishawekwa tayari gharama ni zako, ila tayari kwa namna gani kama hautoki?

MamaSakina

Nimerudi baada ya siku nne. Nilimwandikia hivyo hivyo, na mwenyewe amelainika. Ataomba leseni kwa pauni 200 na stoo anasitisha wakati maombi yako ndani. Lengo la wale wa leseni ni kujibu maombi mengi ndani ya siku 20 za kazi. Ametuma fomu ya mtumiaji wa mwisho nisaini.

KlirinjiWaKIA

Usisaini! Mtumiaji ni nani, wewe au kambi?

MamaSakina

Kambi. Ila kwenye oda nilijiandika mimi, maana mteja wangu sitaki muuzaji amjue, kesho ataruka kichwani kwangu.

KlirinjiWaKIA

Hapo ndipo leseni zinapokufa. Wewe ni wa kati. Anayesaini ni anayekwenda kuzitumia, na anaandika zitakaa wapi na za kazi gani. Ukisaini kama mtumiaji, na wakigundua kamera ziko Manyara kwa mtu mwingine, leseni inafutwa na jina lako linabaki kwenye mafaili yao. Mwandikie leo muuzaji arekebishe oda kabla hajaituma.

FundiUnga

Si aandike tu kwamba atawauzia baadaye?

KlirinjiWaKIA

Basi atakuwa ameandika jina la mteja, si ndiyo anachokikataa?

MamaSakina

Nimempigia meneja wa kambi. Doria yao ni ya gari, kwa hiyo za 9 hawazitaki. Ila kusaini fomu ya serikali ya nje inayotaja walipoweka vifaa vya askari, anasema lazima amwulize mwenye kambi, na mwenye kambi yuko safari mpaka mwisho wa mwezi.