Muuza seva alisema GPU moja itabeba watu 40, sisi tunakwama kwa 10

Wakuu, leo nina hasira. Jamaa aliyetukodishia seva yenye GPU ya GB 24 alituapia kwamba modeli ya Llama 3 8B itajibu wanachama 40 wa SACCOS yetu kwa mpigo. Hesabu aliiandika nyuma ya ankara: 24 toa 16 za modeli, zinabaki 8, gawa kwa 40, kila mtu MB 200. Basi!

Jumatatu watu wakaingia. Kumi wa mwanzo, safi. Baada ya hapo jibu linaandikwa nusu, linaganda, halafu linaendelea mtu ameshakata tamaa. Logi imejaa neno `preempted`. Ndipo nikasoma mistari ambayo vLLM, programu inayoendesha modeli, inaitoa kila nikiiwasha:

```
GPU KV cache size: 40,960 tokens
Maximum concurrency for 8,192 tokens per request: 5.00x
```

Kila tokeni, yaani kipande cha neno, inakula KB 128 za kashe, ile sehemu ya GPU inayokumbuka maandishi ya kila mtu. Swali letu moja linabeba kurasa za masharti ya mikopo, tokeni kama 4,000, yaani MB 500. Na hizo GB 8 zenyewe hazipo: vLLM inajipangia asilimia 90 tu ya kadi, na kazi ya kukokotoa nayo inadai sehemu yake. Tumebaki na GB 5. Nikimpigia muuzaji, hapokei.

Fundi_Nyaya: Pandisha `--gpu-memory-utilization` iwe 0.98, acha kulia.

Mtoa mada: Nimeshafanya. Saa nne asubuhi ikafa na `CUDA out of memory`.

Mzee_wa_Seva: Hata 0.95 ingekupa GB 1.2, watu wawili na ushee. Kuwaweka watu kwenye kundi moja si kosa, mkuu. Uzito wa modeli unasomwa mara moja kwa hatua, wawe 2 au 10. Kinachokubana ni kashe. Ikijaa, vLLM inamtoa mtu mmoja, akirudi inamkokotoa upya, ndiyo maana jibu linaganda. Weka `--kv-cache-dtype fp8`, tokeni zinakuwa karibu maradufu, utafika watu 20. Na weka `--max-num-seqs 20` ili wa 21 asubiri foleni badala ya kuwavuruga wenzake.

binti_kodi: Mbona mimi natumia Llama 2 7B, ndogo kuliko yako, na watu watatu tu wanaijaza?

Mzee_wa_Seva: Hiyo dada inakula KB 512 kwa tokeni, mara nne ya hii. Udogo wa modeli usikudanganye.

Mtoa mada: Nimejaribu fp8, 17 wamepita bila kuganda. Lakini swali moja la riba limejibiwa asilimia 12 badala ya 1.2. Sijui ni kashe au ilikuwa hivyo tangu mwanzo.

Mzee_wa_Seva: Rudisha kama zamani, uliza hilohilo mara kumi, `temperature` iwe 0. Mimi kwangu haijawahi kukosea namba, ila maswali yangu ni mafupi.